Nani Mwenzangu, na Nikusaidie Nini?

— Kwa nini umemjibu?

Mchumba alisimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, simu kaishika mkononi kama kakamata mwizi. Kwa kazi alikuwa mpima ardhi, na siku hizi alikuwa anampima na mchumba wake, fundi wa nguo. Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa anatia zipu kwenye gauni la mteja, na zipu haitaki papara.

— Nimemjibu nani?

— Usijifanye hujui! Namba ngeni inakuandikia "Habari", na wewe unajibu. Mwanamke aliyeposwa, harusi imebaki wiki tatu!

Shangazi, aliyemlea fundi tangu akiwa mdogo, alikuwa kwenye kiti cha pembeni akishona vifungo. Akashusha miwani puani.

— Mkwe, hebu kaa kwanza.

— Sikai, Shangazi. Nimeletewa picha ya meseji zenu na rafiki yangu. Soma mwenyewe.

Shangazi akasoma kwa sauti:

"Habari."

"Nzuri, karibu. Namba yako sina. Nani mwenzangu, na nikusaidie nini?"

— Umesikia? "Karibu"! Anamkaribisha wapi?

Fundi akazima cherehani.

— Namkaribisha kwenye kazi. Wateja wangu ndivyo wanavyoanza, mpenzi. "Habari", basi. Hasemi jina, hasemi shida. Nikinyamaza, anakwenda kwa fundi mwingine. Nikimfokea "wewe nani?", kumbe ni mama wa watu anataka sare za watoto, nimemwaibisha bure. Nikimchangamkia kama namjua, nimejidanganya. Kwa hiyo salamu naijibu, kisha nauliza yeye nani na anataka nini. Jina langu sitaji, nilipo sisemi, mpaka ajieleze.

— Na asipojieleza?

— Nauliza mara ya pili. Ya tatu sina.

— Maneno matamu hayo. Sikiliza, nakupa masharti hapa mbele ya Shangazi. Apa kwamba hutajibu tena namba usiyoijua, au harusi hakuna!

Fundi akainuka kitini. Alimpenda huyu mwanamume, tena sana, na gauni lake mwenyewe la harusi lilikuwa linaning'inia ukutani, limebaki pindo tu. Lakini kile cherehani ndicho kilichomlisha tangu ana miaka kumi na tisa.

— Siapi, akasema.

— Nini?

— Umesikia. Siapi! Na picha yako imekatwa mkia. Shangazi, shika simu yangu, malizia.

Shangazi akasoma, safari hii taratibu:

"Mrembo, huwezi kunijua. Nimekupenda tu."

"Nimekuuliza jina na shida yako. Una nguo ya kushona?"

"Sina. Nakutaka wewe."

"Basi hatuna mazungumzo. Siku njema."

Shangazi akachukua simu zote mbili, akaziweka sambamba juu ya kitambaa.

— Ala! Mbona kwenye picha yako "Habari" iko kulia? Kwenye simu ya mwanangu iko kushoto. Kulia si ndiko yanakokaa maneno ya mwenye simu?

Mpima ardhi akanyoosha mkono kuchukua simu yake.

— Ndio maana nasema rafiki yangu...

— Rafiki yako ndiye aliyemtongoza mchumba wako, akakuletea na ushahidi? Una rafiki wewe!

Fundi akaichukua simu yake. Akaigusa ile namba, akapiga. Mfuko wa koti la mpima ardhi ukaanza kulia.

— Nilikuwa nakujaribu tu, akasema. Kwa sababu nakupenda.

— Ukanijaribu, nikafaulu, ukakata majibu yangu ili nionekane nimefeli! Hayo ni mapenzi gani? Toka. Na laini zako zote mbili, toka nazo.

— Fundi...

— Hujamsikia? akasema Shangazi. Mlango unaujua.

Alipoondoka, fundi alilia. Alilia kweli, uso ameufunika kwa gauni la mteja mpaka Shangazi akamnyang'anya.

— Lia, mwanangu, ila nguo ya watu usiiloweshe.

Wakajikuta wanacheka. Fundi akafuta namba za mpima ardhi, zote mbili, akarudi kwenye zipu yake.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikatetemeka juu ya cherehani. Namba haina jina, ila tarakimu za mwisho alizijua kama vidole vyake.

"Habari."

Shangazi akachungulia.

— Utamjibu?

— Salamu najibu. Sijafunzwa vibaya.

Akaandika: "Nzuri, karibu. Namba yako sina. Nani mwenzangu, na nikusaidie nini?"

"Ni mimi. Nisamehe. Nataka turudiane."

Fundi akaisoma, akaandika:

"Una nguo ya kushona?"

"Sina."

"Basi hatuna mazungumzo. Siku njema."

Akaiweka simu kando, akalishusha gauni la harusi ukutani.

— Unalifumua? Shangazi akauliza.

— Nifumue kazi nzuri hivi? Nalimalizia pindo. Litauzwa.