Marahaba Isiyokuwa Yangu

Kila asubuhi, nikishamaliza kuosha vyombo na kufagia ua, nilipeleka simu ya bibi dukani kwa fundi ili ichajiwe. Nikitoka shule niliipitia. Bibi haoni vizuri maandishi madogo, kwa hiyo kwenye simu mimi ndiye niliyekuwa macho yake.

Tangu tumzike babu, nyumba ilikuwa imepoa. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni, akala vijiko viwili, akasema, "Nimeshiba." Hakulia. Mimi pia sikulia. Tulikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi.

Dada yangu anasomea uuguzi ng'ambo na hakuweza kuja mazishini. Aliandika: "Namtengenezea bibi barua ya video. Mwonyeshe akiwa ametulia."

Barua ilifika nikiwa dukani na rafiki yangu, ambaye kwa maneno yake mengi tunamwita Kasuku. Fundi alituunganisha na intaneti ya duka, nikaipakua, nikaifungua papo hapo. Dada akatokea amevaa koti jekundu.

"Shikamoo, bibi," alisema, kisha akanyamaza, akingoja.

"Marahaba, mjukuu wangu!" Kasuku alijibu kwa sauti ya kizee. Tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Hatukuifikisha hata dakika moja. Kasuku alitaka turekodi mchezo wetu wa kuigiza wa darasani, lakini simu ikasema nafasi imejaa.

"Futa hilo livideo la dada yako," alisema. "Atatuma jingine, kwani yatakwisha?"

Nikabonyeza ujumbe, nikachagua kufuta pamoja na faili lake, tukarekodi mchezo wetu.

Jioni bibi aliuliza, "Barua ya dada yako imefika?"

"Bado, bibi. Mtandao unasumbua."

Aliuliza kesho yake, na kesho kutwa. Kila mara nilijibu vilevile, na kila mara uongo ulitoka kwa urahisi zaidi. Sikuhisi chochote. Siku ya tisa bibi alisema, "Basi. Mwenzetu amekwisha kutusahau." Akarudisha sahani bila kuonja.

Siku hiyo nilimwendea fundi. "Naomba uirudishe video iliyofutwa. Bibi asijue."

Fundi aliigeuza simu, akaichunguza, akatikisa kichwa. "Haina nakala ya akiba. Imekwenda. Aliyetuma ndiye anayeweza kuituma tena." Kisha akanitazama. "Unajua alama mbili za buluu? Ulipoifungua, kwa dada yako zilionyesha kwamba bibi ameiona. Leo siku ya tisa hajajibiwa. Wewe ungekuwa yeye, ungefikiri nini?"

Kumbe dada alidhani bibi amemkasirikia kwa kutokuja kuzika.

"Fundi, nisaidie."

"Mimi nafungua simu, binti. Mdomo wako utaufungua mwenyewe."

Nilimkuta bibi kigodani. Nikapiga magoti, nikamweleza yote: Kasuku, ile marahaba, kufuta, mtandao wa uongo. Bibi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Alinisalimia, na mtu mwingine akaitikia?"

"Ndiyo, bibi."

Hapo ndipo ganzi iliponitoka, na ilitoka kwa maumivu.

Nikabonyeza alama ya kipaza sauti, nikamrekodia dada ujumbe. Nilisema kosa ni langu, bibi hajaona hata picha moja. Jibu lilikuja kabla sijainuka: "Nimelia siku tisa, wewe mtoto! Natuma. Nitaikata vipande vitatu ishuke upesi."

Tulikwenda dukani pamoja. Fundi akafuta mchezo wetu kwa ruhusa yangu, akampa bibi kiti, akaongeza sauti. Dada akatokea.

"Shikamoo, bibi."

Akanyamaza. Bibi alijiweka sawa, akavuta pumzi. "Marahaba, mwanangu."

Dada alitabasamu kana kwamba amesikia. Alionyesha kitanda chake chembamba, dirisha linalotazama ukuta, na saa ya mkono aliyopewa na babu siku ya kusafiri, ikining'inia kwenye msumari.

"Sijaibadilisha mishale, bibi. Inasoma saa za nyumbani. Nikiitazama najua sasa unafanya nini. Sasa hivi ni saa ya chakula. Umekula?"

Akangoja tena.

Machozi yakamshuka bibi, ya kwanza tangu tulipozika.

"Bado, mwanangu," alisema. "Lakini nitakula."

Njiani alinishika bega. "Salamu ni mali ya aliyetumiwa. Ukiizuia, umewaibia wawili: aliyeituma na aliyekuwa akiingoja. Kukosea ni jambo la siku moja, mjukuu wangu. Kuficha ndiko kulikolifanya la siku tisa."

Usiku huo aliomba aongezewe chakula.