Ayeeyo Sharifo na Siri ya Kitabu cha Nne

Hutaamini, lakini kuna bibi mmoja hapa Garissa, muuza maziwa ya ngamia, ambaye hajawahi kufungua kitabu cha hadithi maishani mwake. Bibi huyo aligundua siri iliyofichwa mpaka kitabu cha nne, huku mikono yake ikiwa ndani ya dumu la maziwa, anasugua. Hakusoma hata neno moja. Tulia, nikueleze ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi Idman hufagia ua, humsaidia nyanya yake, Ayeeyo Sharifo, kuosha madumu yaliyorudi kutoka sokoni, halafu hukaa kivulini na simu ya mama yake iliyopasuka kioo. Idman alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: Ngome za Ukungu. Hivyo ndivyo vinavyoitwa vile vitabu vitano vya hadithi ya kubuni alivyoazimwa na rafiki yake Abigael, ambaye baba yake ni karani kutoka Machakos. Idman alikuwa amevisoma vyote mara mbili.

Sasa, huko Tarbaj kulikuwa na binamu yake Nuh, mwenye miaka kumi. Nuh alivunjika mguu akicheza mpira, akafungwa plasta, akaambiwa akae wiki sita. Idman akamtumia kitabu cha kwanza. Baada ya siku tatu Nuh akapiga simu.

"Nimeacha," akasema.

"Umeacha nini?"

"Kitabu. Ukurasa wa kumi na tano. Watu ni wengi! Kuna wa kisima, kuna wa kengele, kuna wa mwewe... Sijui nani ni wa nani. Niandikie nijue makundi. Lakini usinichomee!"

Kuchoma hadithi, kwa vijana wa Garissa, ni kumwambia mtu mapema jambo ambalo mwandishi amelificha. Idman alijua uchungu wake. Mwaka uliopita Vincent, kaka yake Abigael, alimropokea mwisho wa kitabu cha kwanza wakiwa kwenye foleni ya maji shuleni. Idman alikisoma kitabu kile mpaka mwisho, lakini kama mtu anayekula chakula kilichopoa.

"Wallahi, Nuh, sitakuchomea," akaapa.

Simu ya nyumbani kwa kina Nuh ilikuwa kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, isiyopokea picha wala maandishi marefu. Kwa hiyo Idman akachukua karatasi za daftari. Kabla ya kuanza alijiandikia masharti kwenye simu. Ataandika tu yale ambayo msomaji anayajua akifika sura ya tatu ya kitabu cha kwanza. Hatasema nani mwema na nani mbaya. Hatasema "huyu mkumbuke," kwa sababu ukimwambia mtu amkumbuke fulani, tayari umemwonyesha mahali pa kutazama. Na kila kundi atalipa mistari sawa, kwa kuwa ukiliandikia kundi moja ukurasa mzima, msomaji atajua hapo ndipo penye mambo.

Barua ikatoka hivi:

"Nuh, kwanza jua ukungu. Katika nchi hiyo ukungu ukikugusa unasahau: leo jina la jirani, kesho jina lako. Kila kundi limepata njia yake ya kuushinda, na kila kundi linaona njia yake ndiyo bora, ndiyo maana wanapigana.

"Walinzi wa Kisima huvaa vitambaa vyeupe. Kisima chao kina maji yanayorudisha kumbukumbu, nao huyagawa kwa kikombe, kwa zamu. Wanaogopa kisima kukauka. Ukiwachukia, jiulize wewe ungeyagawaje.

"Wapanda Mwewe wanaishi juu ya majabali, mahali ukungu haufiki. Wanasafiri kwa mwewe wakubwa kama ngamia. Hawapendi mipaka. Wanaogopa mvua, maana manyoya yakilowa mwewe haruki.

"Wafua Kengele wanaishi mabondeni. Mlio wa kengele zao husukuma ukungu nyuma, kwa hiyo kila kijiji kinawahitaji, nao huchagua watamuuzia nani. Wanaogopa kimya.

"Wasio na Jina wametoka ndani ya ukungu. Hawakumbuki walikotoka. Wanatafuta mtu wa kuwaambia wao ni nani."

Ukurasa wa tatu na wa nne Idman aliandika viongozi. Hapo akaandika kama watu wa kwao wanavyomtambulisha mtu. Huwezi kumtaja mtu bila kumtaja baba yake, na baba wa baba yake. Akafungua kurasa za mwisho za kitabu cha tano, zile zenye ramani na majina ya koo, akanakili vizuri kwa kalamu ya bluu. Ukurasa wa tano ukawa wa salamu.

Saa nane mchana akampelekea barua mjomba wake, Abti Mustafe, baba yake Nuh, dereva wa lori la unga na sukari. Lori lingeondoka baada ya swala ya alasiri. Idman alikuwa amepiga picha kila ukurasa, akarudi nyumbani anaringa.

"Ayeeyo, sikiliza nilivyoandika." Akamsomea nyanya yake picha moja baada ya nyingine, akifasiri kwa Kisomali. Ayeeyo Sharifo alikuwa anasugua dumu.

"Hao wa kisima wana akili," akasema Ayeeyo. "Maji bila zamu ni vita. Endelea."

"Kiongozi wa Walinzi ni Belu, wa Kashe, wa Morowa, wa Tarasi. Malkia wa Wapanda Mwewe ni Zamiri, wa Oduko, wa Heli, wa Tarasi. Wafua Kengele wanaongozwa na..."

Mikono ya Ayeeyo ikasimama.

"Rudia hao wawili."

Idman akarudia. Ayeeyo akahesabu kwa vidole, upande huu, upande ule.

"Huyo Tarasi ni mtu mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi hao ni vitukuu wa mzee mmoja! Wangepiganaje kama wanajuana? Kuna mtu aliwaficha ukoo wao. Huyo mfichaji ndiye mbaya wa hadithi yako."

Idman akaitazama upya picha ya ukurasa wa tatu. Mwandishi alikuwa ameificha siri hiyo kwa kurasa elfu moja na mia mbili. Belu na Zamiri wanapigana vitabu vitatu vizima, na ni katika kitabu cha nne tu ndipo wanapojua kwamba ni ndugu. (Samahani, na wewe nimekuchomea.) Na yeye Idman, mwenye masharti yake mazuri, ameiweka ukurasa wa tatu kwa kalamu ya bluu! Alipokuwa anaandika hakuona kuwa anatoa siri. Aliona anataja baba za watu tu.

Akakimbia kwa Abigael, nyumba ya tatu.

"Wacha iende," Abigael akasema, mdomo umejaa karanga. "Nuh ni mtoto. Hataona."

"Nuh? Alitaja babu zake kumi na wanane akiwa na miaka sita! Ataona kabla hajageuza ukurasa."

"Basi mpigie, mwambie asisome ukurasa wa tatu."

"Si ndiyo nitakuwa nimemwonyesha mahali ilipo?"

"Basi mwambie baba yake achane hiyo karatasi. Useme ilimwagikiwa chai."

Idman akafikiri. Barua yenye ukurasa wa pili halafu wa tano? Nuh angeuliza mpaka mtu achoke. Na hiyo chai ni uongo, tena uongo unaohitaji Abti naye aseme uongo.

"Unajisumbua kwa kitu kidogo hivyo?" Abigael akauliza.

"Niliapa," Idman akasema, akachukua kalamu na daftari. Abigael akaguna, akavaa ndara, akamfuata.

Walifika kwenye malori wakiwa hawana pumzi. Abti Mustafe alikuwa anakaza kamba ya turubai, na utingo wake ameshawasha injini.

"Abti, naomba barua yangu!"

"Imeshafungwa na mizigo yangu. Kuna nini?"

Hapo ndipo uongo mwepesi ulipomjia Idman mdomoni: nimesahau kuweka sahihi. Akaumeza.

"Nimekosea, Abti. Nimemwandikia Nuh jambo litakalomharibia hadithi. Nilimwapia sitafanya hivyo. Nipe muda niandike upya kurasa mbili."

"Jambo gani?"

"Nikikwambia, utampigia simu njiani umwambie kabla hujafika hata Modogashe."

Utingo akacheka. Abti Mustafe akatazama saa. "Mimi nina kilomita mia tatu na zaidi mbele yangu, na wewe una hadithi. Nusu saa. Ikipita dakika moja, naondoka na hiyo ya zamani."

Idman akakalia gunia, akaweka daftari magotini. Abigael akamshikia karatasi zisipeperushwe na upepo. Safari hii hakufungua kitabu cha tano kabisa. Alifunga macho, akajiuliza: msomaji wa sura ya tatu anamjuaje Belu? Anajua ana sauti ya pole na kwamba hulala kando ya kisima. Anamjuaje Zamiri? Anajua mwewe wake ni jike kipofu wa jicho moja, na kwamba hashuki chini mpaka alazimishwe. Akaandika hayo. Wale viongozi wengine wawili nao akawaondolea baba zao, kwa sababu kama angewaondolea wawili tu, pengo lenyewe lingesema. Akajaza kurasa mbili kamili ili hesabu isipungue.

Bado hakujiamini. Akampigia Ayeeyo, akamsomea haraka haraka.

"Sasa, Ayeeyo, unajua nini kitatokea?"

Ayeeyo akasema, "Sijui. Huyo mwewe kipofu amepatwa na nini? Nani alimpiga jicho?"

"Sisemi!"

"Msichana mbaya wewe. Leta hivyo vitabu kesho unisomee."

Idman alimpa Abti kurasa mpya, zile za zamani akazichana vipande vipande. Lori likaondoka kwa kuchelewa dakika ishirini na tisa.

Siku ya nne Nuh akapiga simu. Hakusalimia hata.

"Niko ukurasa wa mia na arubaini! Nilikuwa upande wa Walinzi, sasa nimehama. Hao wa kengele wana kitu, si ndiyo? Niambie. Hapana, usiniambie! Mama alisema nizime taa jana, nikasoma asubuhi kabla ya chai."

Simu ilipokatika, Idman alikuwa anacheka peke yake. Ayeeyo Sharifo, aliyekuwa ameshasimuliwa yote, alikuwa kando, anapanga madumu.

"Umeona?" Ayeeyo akasema. "Ulimkosea mtoto bila kukusudia, na hiyo humpata kila mtu. Lakini ulipojua, hukusema ni kitu kidogo, na hukutafuta chai ya kusingizia. Ulikimbia ukarekebisha kabla kosa halijamfikia. Mtu akikuamini kwa kitu kidogo kama hadithi, mtunzie. Hapo ndipo anapojifunza kama wewe ni wa kuaminika. Na jambo la mwisho: kabla hujapeleka kazi yako, mpe mtu mwingine aisikie. Macho yako mwenyewe yanakupenda mno."

Halafu akaketi, akanyoosha miguu. "Haya, kwa kuwa cha kwanza kiko kwa Nuh, fungua kitabu cha pili. Nani alimpiga mwewe jicho?"

Na wewe je? Injini ya lori imeshawashwa, rafiki yako anakwambia mtoto hataona, na uongo mwepesi uko tayari ulimini. Ungefanya nini?