Hotuba ya Spika

Kila Jumamosi Spika alifagia varanda kabla ya kunywa chai. Leo alifagia huku akiuhutubia ufagio. Jina la Spika alipewa kwa sababu ya sauti yake kubwa, naye alilifurahia kupita kiasi. Mjomba wake, mkutubi, alikuwa amemteua kuongoza klabu mpya ya kusoma na michezo katika chumba cha nyuma cha maktaba. Ofisi inayosimamia maktaba ilikitaka chumba hicho kiwe stoo. Watoto wasipokuja, kingechukuliwa.

Walikuja, ila kwa shingo upande. Wa mtaa wa juu walikaa kulia, wa mtaa wa chini kushoto, wakitazamana kwa jicho la chuki. Mezani palikuwa na drafti, kadi za maneno na vitabu, na hakuna aliyevigusa.

Spika akapanda juu ya kibao, akakohoa.

"Marufuku kupiga kelele. Marufuku kugusa drafti bila ruhusa. Atakayechana kitabu atafukuzwa. Na nyie mnaosoma kwa kidole, kaeni nyuma msitucheleweshe."

Wa mtaa wa juu wakaangua kicheko, macho yote kwa Kobe, mvulana wa mtaa wa chini aliyesoma polepole. Kobe akainuka.

"Kumbe mlituita mtutukane? Baki na vitabu vyako."

Wenzake wakamfuata kuelekea mlangoni huku wakizomewa. Mmoja akasukumwa, benchi likaanguka.

Mjomba hakumzuia mtu. Alimvuta Spika kando, akamwuliza neno "karibu" alilisema wapi katika hotuba nzima. Spika akalitafuta, asilipate. Alitamani kumlaumu Kobe, lakini alijua kilichomponza ni mdomo wake mwenyewe. Aibu ikamwingia hadi masikioni. Safari hii hakupanda kibao, aliwafuata Kobe na wenzake waliokuwa bado mlangoni.

"Kobe, nimekukosea mbele ya watu. Nisamehe. Karibuni nyote. Tutaanza na michezo, na kila timu iwe na watu wa mitaa yote miwili. Kisha tutasoma wawili wawili, mmoja akisoma, mwenzake amsikilize bila kumkatiza. Mwisho kila mtu aazime kitabu kimoja, akirudishe Jumamosi ijayo. Kikichanika, tuambieni, tutakibandika. Choo kiko nje, kushoto. Nani ana swali?"

"Mimi," akasema Kobe, uso bado umekunjamana. "Kidole je?"

"Kidole ruhusa. Hata mimi nilianza nacho."

Kobe hakutabasamu. Alirudi na wenzake, akaketi benchi la mbele kabisa, akafungua kitabu na kuweka kidole kwenye mstari wa kwanza, huku akimkazia Spika macho. Hakuna aliyecheka.

Jioni, wakipanga mabenchi, mjomba alimwambia, "Kazi ya hotuba ya kufungua ni kumwonyesha mgeni kwamba ana nafasi. Sheria zinakuja baadaye, na ziwe za kumlinda, si za kumfukuza."

Spika akaitikia kwa kichwa. Akaangalia benchi la mbele. Kitabu cha Kobe hakikuwepo, alikuwa amekiazima.