Karibu Jumamosi, Saa Nne Asubuhi

Kilichomsumbua Fundi Saa mwanzoni hakikuwa kelele yenyewe, bali mwelekeo wake. Kila usiku, saa nane na dakika kumi, kitu kizito kiliburutwa juu ya dari ya chumba chao cha kulala, kutoka upande wa mlango hadi upande wa dirisha, kikatulia. Hakikuwahi kuburutwa kurudi.

"Mwalimu wetu wa ghorofa ya juu sasa ana makabati kumi na saba dirishani," mkewe alinong'ona usiku wa kumi na saba. Alicheka, na kicheko kikamwishia kwenye kikohozi.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alisema waziwazi kwamba dawa hazitamsaidia kitu asipopata usingizi, naye tangu kelele zianze alikuwa akishtuka saa ile ile na kukesha hadi kunapopambazuka, mkono kifuani.

"Nenda kwa msimamizi wa jengo, baba watoto. Au polisi kabisa."

"Nikianza na polisi, tutaishi chini ya adui mpaka tuhame. Acha nimwandikie kwanza."

"Si umgongee mlango tu?"

"Mtu akigongewa hujitetea. Barua ataisoma ameketi, na hasira itampita kabla hajajibu."

"Haya, karani," mkewe akasema, akajifunika shuka.

Fundi Saa alikuwa mtu wa vitu vidogo na subira kubwa. Kwa usiku saba aliandika daftarini tarehe, saa ya kuanza, muda na aina ya sauti, bila kuongeza chumvi. Kisha akaketi kuandika. Barua ya kwanza aliichana kwa sababu kila mstari ulikuwa na "wewe" kama kidole kinachonyooshwa. Ya pili aliichana kwa sababu ilitaja polisi, na mwaliko wenye polisi ndani yake si mwaliko tena. Ya tatu ilimridhisha, isipokuwa mwanzo wake. Alikuwa ameandika "Kwa Mwalimu," akaona ni kumhukumu mama wa watu bila ushahidi. Pengine ana mgeni, pengine ni mabomba. Kwa adabu tu, akaifuta anwani ile na kuandika nyingine:

"Kwa jirani anayetoa sauti za usiku.

Salamu. Tunaishi nyumba ya chini. Kwa usiku saba mfululizo tumesikia kitu kikiburutwa saa nane na dakika kumi, kwa muda wa dakika nne. Jengo hili ni la zamani na sakafu zake ni nyembamba, kwa hiyo huenda hujui kwamba sauti inatufikia. Mke wangu ni mgonjwa wa moyo. Ninachoomba ni yeye alale. Sijamweleza msimamizi wala mtu yeyote, kwa kuwa naamini tunaweza kuyamaliza wenyewe. Karibu kwetu Jumamosi, saa nne asubuhi. Kama muda huo haufai, tafadhali chagua mwingine. Nami niko tayari kusikia kama kuna letu linalokukera."

Alitunza nakala kwenye droo. Msimamizi hakumpelekea. Bahasha aliifunga kwa gundi, akapanda ngazi na kuisukuma yote chini ya mlango wa Mwalimu.

Jumamosi alipanga viti vitatu sebuleni, viwili vya wenye nyumba na kimoja cha mgeni, lakini mkewe hakuweza kuinuka kitandani. Saa nne kasoro dakika kumi Mwalimu akabisha, daftari kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana."

"Nami nimekuja na orodha yangu. Nilikuwa karibu kukuandikia wewe."

Wakaweka madaftari mawili sambamba mezani. Saa nane na dakika kumi. Dakika nne. Kuburuta, mlango hadi dirisha. Tarehe zote zilifanana, ila katika safu ya mwisho Mwalimu alikuwa ameandika: *chini yangu*.

"Nilijua ni wewe na mashine zako za saa," alisema kwa sauti ya chini. "Nikawa najiuliza, huyu mzee anatengeneza saa za ukubwa gani?"

Fundi Saa alitazama dari, kisha sakafu.

"Juu yetu ni wewe, chini yako ni sisi," Fundi Saa alisema polepole. "Katikati kuna nini?"

"Mzee, kwa nini hukuandika jina langu?"

"Nilikuwa nakustahi."

"Barua niliikuta nje ya mlango. Imeshafunguliwa na kukunjwa upya. Nikadhani ndivyo ulivyoiacha."

Fundi Saa alifungua kinywa amweleze habari ya gundi, na hapo mlango ukagongwa, mara tatu, kistaarabu, huku saa zote za ukutani zikionyesha saa nne kamili; naye, kwa mazoea ya miaka sitini ya kupokea wateja na wageni, kabla akili haijauwahi ulimi, akasema, "Karibu." Mlango haukufunguka, lakini harufu ya nguo zilizooza ndani ya sanduku iliingia, na nyuma yake, mchana kweupe, jua likiwaka dirishani na watoto wakicheza uani, kitu kizito kilianza kuburutwa juu ya sakafu yao wenyewe, kikipita kati ya magoti yake na ya Mwalimu bila kuonekana, kikisukuma zulia likakunjamana mbele yake kama ngozi ya paji la uso, kikaenda taratibu kuelekea dirishani kilipokuwa kiti cha tatu, na kiti kile kikalia, mto wake ukabonyea, kikatulia kama kinavyotulia chini ya mtu aliyefika mahali alipoitwa.

"Nani huyo, baba watoto?" mkewe aliuliza kutoka chumbani. Kisha akapiga mwayo mrefu, wa raha. Hakusema tena.

Mwalimu alikimbia hata daftari akaliacha. Jioni hiyo alihamia kwa dada yake.

Usiku ule hapakuwa na kelele. Mkewe alilala usiku kucha, akalala Jumapili yote, akalala Jumatatu. Daktari alimpima, akasema moyo unapiga vizuri kuliko miezi yote iliyopita, na hakuweza kueleza kwa nini haamki hata kwa sindano.

Fundi Saa akamwendea msimamizi wa jengo. Msimamizi alisoma nakala ya barua mara mbili.

"Kelele zimekoma, mzee?"

"Zimekoma."

"Sasa malalamiko ni ya nini?"

Fundi Saa akamleta mganga, bibi mmoja mkavu wa maneno. Bibi aliishia kizingitini. Alikitazama kiti cha dirishani, akaomba aione barua, akamrudishia kwa ncha za vidole.

"Aliyeingia kwa kuvamia namtoa. Huyu ameitwa kwa mkono wako, siku na saa, akafika kwa wakati. Na ulichoomba amekitimiza. Nimtoe kwa kosa gani?"

"Bibi, nakusihi. Mke wangu!"

"Pole, baba." Akashuka ngazi.

Fundi Saa akaandika barua nyingine, ya kufuta mwaliko, yenye shukrani na msamaha ndani yake, akaiweka juu ya mto uliobonyea. Asubuhi aliikuta imewekwa vizuri chini ya kiti, bahasha haijafunguliwa.

Siku ya tisa alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa mkewe, mkono wenye joto, akamwita kwa majina yote aliyowahi kumwita tangu ujana wao, akalia hadi kilio kikawa mayowe. Nyuma yake kitu kikaburutwa, kutoka dirishani kuelekea mlango wa chumba, kikasimama hapo. Sauti ikatoka, ya chini, yenye adabu, kama ya mtu aliyesita siku nyingi kabla ya kusema.

"Jirani, samahani. Punguza kelele kidogo. Mgonjwa amelala."