Salamu ya Mstari wa Nne

Asubuhi ya mkutano nilikuwa nasugua cherehani ya mama kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Mafuriko yalikuwa yamepita siku sita, lakini matope hayakwisha. Ukidhani umeyamaliza, unazungusha gurudumu yanatoka mengine.

"Taratibu wewe," mama aliniambia. "Hiyo ni cherehani, si sufuria."

Mama ni fundi wa nguo. Chumba cha nyuma cha duka lake ndimo familia nne tunamoomba. Hatuna ngoma wala mhubiri. Tunakaa pamoja kimya, kila mtu na moyo wake, mpaka mama, ndiye mkubwa wetu, asimame. Shuleni wenzangu husema dini yetu ni ya kusinzia. Nimezoea, ingawa kuzoea si kupenda.

Tangu ukuta wa duka uanguke, mama alikuwa na neno moja tu: tuhamie kwa mjomba. "Hapa tumebaki na nini?" aliuliza kila jioni. Mimi sikutaka kuhama. Shule yangu ilikuwa hapa, na Kasuku alikuwa hapa.

Kasuku ni mjukuu wa mzee wa kijiji. Jina hilo alilipata kwa ulimi wake, maana hata mwalimu humwachia asome mbele ya darasa. Mimi na yeye tangu darasa la kwanza ni chanda na pete. Basi siku mbili kabla ya mkutano, mzee alikuja kwetu akiongozwa na Kasuku, kwa kuwa miwani yake ilichukuliwa na maji.

"Shikamoo, mzee," mama alisema, akimpangusia kiti.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza mambo mawili tu. Nikiwakaribisha pale mkutanoni, niwasalimu vipi? Na kuna jambo gani nisiliseme, lisije likawakera?"

Alikuwa amekwisha kupita nyumba nyingine zote za ibada akiuliza hayo hayo. Mkutano, wa kuwakumbuka marehemu na kugawana kazi za kujenga upya, ungefanyika katika ghala la mazao, kwa sababu humo hakuna dini inayoomba. Watu wa kila nyumba wangetajwa kwa kufuata mto, kuanzia walio juu hadi walio chini, ili asiwepo wa kusema fulani katangulizwa kwa ukubwa. Hilo halikumpa shida. Shida ilikuwa dua ya marehemu. Maji yaliwachukua watu watatu, na kila nyumba ilitaka dua yake ndiyo isomwe.

"Nimewaambia kila mmoja aombe kwake, kwa namna yake," mzee alieleza. "Lakini pale ghalani tunataka kitu kimoja ambacho wote tutakifanya bila mtu kuacha chake. Nimeona ni kunyamaza. Na hapa kijijini nani anajua kunyamaza kuliko ninyi? Nikimaliza kuwasalimu, wewe mama utasimama, na sote tutasimama nawe kimya."

Mama alijipangusa macho kwa pindo la kanga. Mzee alipotoka, aliniambia, "Kama wanatuhesabu, tutabaki."

Jioni hiyo mimi na Kasuku tuliandika hotuba kwenye karatasi ya daftari langu. Yeye angesimama karibu na babu yake na kumnong'oneza mstari mmoja mmoja. Mstari wa nne, wa kwetu, niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Amani iwe kwenu."

Ghala lilijaa mpaka mlangoni. Mama alivaa gauni lake zuri, ambalo bado lilikuwa na alama ya maji kiunoni. Mzee alisimama juu ya ubao wa mizani.

"Ndugu zangu, sitasema sana, maana wengi hamjalala. Tumekutana ghalani kwa sababu hapa hakuna mwenyeji ila panya." Watu walicheka, mara ya kwanza tangu mafuriko. "Mto haukumuuliza mtu anaomba vipi kabla ya kuingia kwake. Na sisi leo hatumuulizi mtu. Asiwepo wa kujiona mgeni."

Kasuku alinong'ona. Mzee akaendelea, "Ndugu zetu wa msikitini, asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam!"

"Ndugu zetu wa kanisa la matofali, tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina!"

"Ndugu zetu wa kanisa la turubai, Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Mama alishika mkono wangu na kujiweka tayari. Nilimtazama Kasuku. Akanitazama, kisha akainamisha kichwa na kunong'ona.

"Wazee wetu mnaotunza makaburi na matambiko ya mababu, shikamooni."

"Marahaba!"

Hao kwenye karatasi walikuwa wa tano; wa nne tulikuwa sisi. Tulikuwa tumekaa mbele, na kwenye karatasi aliyoshika Kasuku niliuona mstari wangu umekatwa kwa wino, mara mbili. Ningepigwa kofi lisingeniuma hivyo. Mama aliniinua tukaanza kupenya kuelekea mlangoni, na familia nyingine tatu zikatufuata.

"Basi sasa..." mzee alisema, akasita. "Ngoja. Mbona hatujanyamaza?"

Watu walitazamana.

"Nilipanga tuwanyamazie marehemu wetu, na kimya hakikuja. Mjukuu wangu, karatasi inasemaje?"

Kasuku aliikunja karatasi. Kisha alisema kwa sauti ndogo, "Nimewaruka, babu. Wa chumba cha nyuma cha fundi."

"Kwa nini?"

"Jana bombani wasichana walisema hao wana mkosi. Wakasema nikiwataja watanitenga. Nikaogopa." Akaanza kulia.

Mzee hakumgombeza. Alishuka pale juu, akapapasa njia kati ya watu mpaka mlangoni tuliposimama.

"Fundi, nilikuja kwako mwenyewe, kisha nikakuruka mbele ya watu wote. Midomo ilikuwa yangu, na kosa ni langu. Naomba radhi. Amani iwe kwenu, ninyi na nyumba zenu."

Mama alitazama nje, halafu akamtazama mzee. Nilijua anapima kwenda na kubaki. Kisha akaweka mkono kifuani, akageuka, akasimama wima. Ghala zima likasimama naye. Hata watoto wachanga walinyamaza, au ni mimi tu sikuwasikia. Niliwafikiria wale watatu, lakini kusema kweli nilimfikiria Kasuku zaidi, na kwa hasira.

Kazi za kujenga zilipogawanywa, mtu mmoja alisema waanze na ukuta wa fundi.

"Anzeni kwa mjane wa kule chini," mama alijibu. "Sisi tunaweza kusubiri. Hatuendi popote."

Nje, Kasuku alinifuata. "Nisamehe. Sikusema baya lolote juu yenu. Niliruka tu."

"Wangeniruka hao wasichana nisingelia," nilimwambia. "Umeniruka wewe."

Babu yake alikuwa nyuma yetu. Alituweka mkono begani, mmoja huku na mmoja kule.

"Mjukuu wangu, unadhani uongo ni lile tu linalotamkwa? Ulipoacha neno la kweli ambalo watu walikuamini ulisome, ulidanganya ghala zima bila kufungua kinywa. Aliyekabidhiwa salamu za watu hachagui za kufikisha." Kisha akanigeukia. "Na wewe, usimsamehe leo kwa sababu mimi ni mzee na nimesimama hapa. Msamehe siku utakayoweza. Yeye asubiri."

Kasuku alisubiri wiki tatu.