Alichomwandikia Maelyn

Rozari ya siku tisa ya kumwombea marehemu Maelyn Naputi iliisha Jumapili. Jumatatu mchana, mvua ikinyesha kijijini Inalåhan, nyumba ya akina Quinata ikaanza kunuka wino wa kalamu nene.

"Jovita, umepaka nini humu?" Bibi aliuliza, akiisukuma sahani ya wali mwekundu.

"Si mimi, Bibi."

Ko, ko, ko. Ukutani kuligongwa mara tatu. Mjusi, alijiambia Jovita.

Lakini harufu aliijua. Mwezi Mei shule ilipogawa vitabu vya mwaka, vyenye picha za wanafunzi wote, darasa zima lilikaa ukumbini likibadilishana vitabu na kuandikiana kwaheri kwa kalamu nene. Kurasa zake za mwisho Jovita alikuwa amewawekea mashoga zake. Wengine walijibana pembeni mwa picha. Maelyn, aliyekaa nyuma yake miaka miwili kwenye hesabu, alimngoja na kitabu kifuani. Ndani mlikuwa na saini za walimu tu.

"Ukitaka, chukua ukurasa mzima."

"Wee! Na huu mwandiko wangu wa kuku? Nitakuharibia." Jovita alicheka, akainamia pembe ya chini, akanakili alichowaandikia watu arobaini: *Ulikuwa rafiki mzuri. Mlango wetu u wazi. Njoo likizo hii, wakati wowote.* Hata namba ya simu hakuweka.

Wiki mbili baadaye Maelyn alizama mtoni. Jovita hakwenda kwenye rozari hata siku moja. Angemtazamaje mama yake Maelyn?

Kufikia Alhamisi kurasa za kitabu chake cha mwaka zilikuwa zikijifunua zenyewe chumbani. Bibi akamwita Tan Chong, mganga wa kijiji. Mama huyo alinusa mlangoni, akashusha sauti.

"Msituni sisi ndio tunaoiomba mizimu ruhusa ya kupita. Huyu kaingia bila kuomba. Nani kamkaribisha?"

"Mimi," Jovita alinong'ona. "Kwa maandishi."

"Ulimaanisha?"

Jovita akatikisa kichwa.

"Basi majani yangu hayamtoi, mwanangu. Mwandikie neno moja la kweli juu yake, ulipeleke kaburini. Moja tu."

Jovita alijifungia chumbani, akafungua kitabu chake kutafuta la kukumbuka, na pembeni mwa picha yake akakuta mwandiko mdogo ambao hakuwahi kuusoma: *Siku ulipotapika kwenye basi na wote wakahama, mimi nilibaki nikikushikia nywele. Ulisema asante bila kugeuka. Kabla ya kila mtihani unagonga penseli mara tatu, nami nikaanza kugonga pia, nipate bahati yako. Maelyn.*

Alishika kalamu akatafuta, akatafuta sauti ya Maelyn, kicheko chake, hata rangi ya mkoba wake, na katika miaka miwili yote hakupata kitu, kwa kuwa hakuwahi kugeuka, na sasa harufu ya wino ilikuwa imemjaa kooni, na nywele zake zilikuwa zikikusanywa taratibu kisogoni na vidole vyenye maji.

Nyuma yake, pale pale alipokaa Maelyn siku zote, penseli ikagonga mara tatu. Ikangoja.