Jicho Lisilopepesa

Je, msikilizaji, umewahi kutazamwa na kitu kisicho na kope? Tunu alitazamwa hivyo tangu asubuhi. Jichoruka lilielea mbele yake, mashine ya mviringo ukubwa wa dafu, mabawa yake madogo yakivuma kama nyuki ndani ya mtungi. Katika Tanga ya zama hizo filamu hazikuwa tena na mpiga picha. Jichoruka lilichagua lenyewe pa kusimama, pa kusogea na pa kukata, maana lilikuwa limelishwa filamu za zamani zote, likajifunza humo namna ya kutazama watu.

Filamu waliyokuwa wakiipiga ilimhusu mama yake Tunu, Mhandisi Mwanamkuu, aliyeuona ufa katika ukuta wa bwawa kabla ya mtu yeyote, akauhamisha mtaa wa chini huku mvua ikinyesha. Tunu ndiye aliyemwigiza. Alasiri hiyo mama angekuja kuitazama, na akiiridhia ingerushwa kwenye kila skrini ya mji. Kulikuwa na neno Tunu alilotaka kulisema tangu siku ya kwanza, na kila alipofungua mdomo lilirudi chini kama tonge kavu.

Mwongozaji, Bwana Shekue, alikuwa mtu wa heshima zake. Jichoruka lilipoanza kumpiga picha Tunu toka visiginoni, likapanda polepole, likakawia kiunoni, ndipo likafika usoni, mzee aliona haya. Akaagiza nguo. Suruali ikapanuliwa, koti likashushwa hadi magotini, na kilemba juu yake.

“Sasa umestirika, mwanangu,” alisema. “Hata shehe hana la kunena.”

Wakarudia. Jichoruka likashuka tena visiginoni. Likapanda juu ya lile koti pana, taratibu, likitafuta mahali upepo ulipolibana mwilini.

“Dada Tunu, hata ukivikwa turubai litaliangalia turubai hivyohivyo,” alisema Sefu, aliyeigiza msaidizi wa mhandisi.

“Na wewe mbona linakuanzia usoni?”

“Mimi nina sura ya kazi.” Sefu alicheka peke yake, kisha akaacha.

Alasiri mama akaja, akaketi mbele ya skrini, akavua viatu. Taa zikazimwa. Tunu alijibanza nyuma ya kiti cha mama.

Kwenye skrini, mhandisi alifika ukutani. Sefu akageuka, na picha ikaonyesha alichokiona Sefu: shingo ya Tunu, tone la mvua likiteremka, midomo. Mwanga wa dhahabu ukamwagika. Muziki ukalegea, hadithi ikasimama, utadhani bwawa nalo lilikuwa linasubiri. Kisha Sefu akainua macho kwenye ukuta, na hapo ndipo ufa ulipoonekana kwa mara ya kwanza. Tunu alionekana akitazama, lakini alichokitazama hakikuonyeshwa hata mara moja.

“Kijana ana macho mazuri,” alisema mama. “Ndiye aliyeuona ufa?”

“La, Bi Mkubwa, ni wewe,” alijibu Shekue.

“Basi mbona nimeuonyeshwa naye?”

Shekue alikohoa. “Mashine si mwanamume wala si mwanamke, Bi Mkubwa. Haina tamaa. Na nguo tumeongeza.”

“Nguo nimeziona. Nauliza juu ya macho.” Akamgeukia binti yake. “Siku ile, mwanangu, nilikuwa nimekunja uso kama niliyeng’ata ndimu. Wewe umekaa kama unayengoja posa.”

Tunu alihisi masikio yakiwaka. Ilikuwa kweli. Pale ukutani alitakiwa kuogopa, na yeye alikuwa amebana tumbo na kulaza shingo, kwa kuwa alijua jichoruka linamtazama. Tena hata sasa, gizani, alikuwa amejikagua shingo yake mwenyewe kama mgeni. Ufa alikuwa ameusahau. Jichoruka liliwaketisha watazamaji wote nyuma ya macho ya Sefu, wanaume kwa wanawake, na yeye mwenye shingo akiwa miongoni mwao.

“Filamu itafungwa wakati wa Magharibi,” alisema Shekue. “Baada ya hapo haibadiliki. Bi Mkubwa, unairidhia?”

Mama alimtazama Tunu, akamwachia jibu. Jichoruka nalo, lililokuwa likielea pembeni, lilikwisha kumsogelea Tunu, likaanza kushuka kuelekea visigino.

Tunu akalishika kwa mikono miwili. Lilivuma viganjani mwake, lina joto. Akaligeuza, akaliweka usawa wa shavu lake, likitazama kule alikokuwa akitazama yeye.

“Turudie pale ukutani, na hili likae hapa,” alisema. “Lisinitazame. Nataka niuone ufa mimi kwanza, na watu wauone nami, waogope ninapoogopa.”